Naombeni ushauri: wananichafulia ukurasa wangu wa mashuka

BiShuka: Wakuu, nauza mashuka Instagram. Siku hizi kila picha nikiweka, chini ni matusi, na katikati matangazo ya waganga na Frimasoni. Nikiwafungia wanarudi na akaunti mpya. Usingizi sipati. Nifanyeje?

MzeeTandika: Biashara ngozi ngumu. Enzi nauza viatu Karume, mtu alinitukana mbele ya mama mkwe. Nikacheka tu, akaondoka na jozi mbili.

FundiKurasa: Dada, hayo ni mambo mawili. Waganga: ingia Settings, fungua Hidden Words, uongeze orodha yako: mganga, freemason, wa.me. Usiweke "WhatsApp", maana mteja anayeuliza namba yako naye atafichwa. Matusi ya Kiswahili usiliachie chujio lao, yaandike mwenyewe kwa sura zake zote, kwani ukiweka "mjinga" peke yake, "wajinga" na "mj1nga" wanapita. Mtukanaji sugu mwekee Restrict. Yeye anaendelea kuona alichoandika, wengine hawakioni, basi hana sababu ya kufungua akaunti nyingine. Umeshaweka maneno gani?

BiShuka: Mwizi, tapeli, matapeli, mzigo, hela yangu.

NyanyaChungu: "Hela yangu"? Mtukanaji gani huyo anadai hela 😂

BiShuka: Jamani, kuna wateja walilipa nusu, mzigo umekwama bandarini. Niliwaambia wasubiri. Mmoja kachachamaa, kaleta na ndugu zake. Nikimwacha aandike, wateja wapya si watakimbia?

WakiliWaKijiwe: Mshtaki. Kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, unyanyasaji mtandaoni ni kosa.

NyanyaChungu: Aende polisi, swali la kwanza aulizwe hela za watu ziko wapi.

FundiKurasa: Toa "mzigo", "hela yangu" na "tapeli" leo hii. Umewaficha wadai pamoja na wahuni, na mdai aliyefichwa ataenda kukusema kwenye magrupu usiyoyaona. Mjibu hadharani mara moja: "Ndugu, oda yako imechelewa bandarini, pole. Tumekutumia ujumbe sasa hivi. Ukitaka kurudishiwa hela, tutakurudishia kufikia Ijumaa." Basi, hapo usijibu tena hata akutukanie ukoo. Unawaandikia wanaopita kimya wakisoma. Lugha chafu ipige skrinishoti kwanza, ndipo uifiche.

BiShuka: Niahidi Ijumaa wakati hela yenyewe imo kwenye mzigo?

FundiKurasa: Basi taja tarehe unayoiweza. Ukiikosa hiyo, hakuna chujio litakalokuokoa.

ChaiYaRangi: Hii chai, wakuu. Akaunti imefunguliwa jana, mzigo hauna hata jina la meli. Kesho analeta linki ya duka. Modi, funga uzi.

BiShuka: Duka sijalitaja popote! Tapeli angekuja kuomba ushauri?

MzeeTandika: Wanakuja sana tu.

MamaPili: Samahani dada, sita kwa sita unauzaje?

ChaiYaRangi: Si niliwaambia.