Ushauri wa haraka: kipeuo cha pili cha 43.6 kwa njia ya kugawa, tarakimu moja moja

Mwanawiyoni
Assalaam aleikum nyote. Niko Lamu na nina hesabu inayoninyima usingizi, nahitaji jibu kabla ya Alhamisi. Ni kutafuta kipeuo cha pili cha 43.6 kwa ile njia ya zamani inayoandikwa kama kugawa kwa urefu, unapata tarakimu moja kisha nyingine. Jibu lililotoka ni 6.69. Naomba mwenye kuijua njia hii aniambie ni sawa au si sawa, na kama si sawa, kosa liko hatua gani. Msinipe jibu tupu tafadhali.

BintiFaza
Waaleikum salaam. Zidisha 6.69 kwa 6.69 uone. Ni 44.7561. Imepita 43.6 kwa zaidi ya moja nzima, kwa hiyo si sawa. Andika hatua zako tuzione.

Mgede
Kaka, kosa lako ni jozi. Tarakimu hugawanywa mbili mbili kuanzia kulia, ndivyo tulivyofundishwa. 436 inakuwa 4 na 36. Kipeuo cha 4 ni 2, basi jibu lako linaanza na 2, si 6.

MwalimuMstaafu
Mgede, kuanzia kulia ni sawa kwa namba isiyo na nukta. Ikiwa na nukta, unaanzia kwenye nukta yenyewe: kwenda kushoto mbili mbili, na kwenda kulia mbili mbili. Hapa kushoto kuna 43, jozi kamili. Kulia kuna 6 peke yake, inaongezwa sifuri iwe 60. Kwa hiyo ni 43 na 60. Wewe umetafuta kipeuo cha 436, ambacho ni 20 na ushee. Mwenye uzi kaanza vizuri, 6 yake ni sahihi. Mwanawiyoni, lete hatua.

Mwanawiyoni
Shukrani mwalimu. 6 kwa 6 ni 36, baki 7. Nashusha 60, inakuwa 760. Mara mbili ya 6 ni 12, natafuta tarakimu ya kuweka mbele yake: 126 mara 6 ni 756. Baki 4. Nashusha 00, inakuwa 400. Mara mbili ya 66 ni 132, naweka tarakimu mbele, lakini hata 1321 haiingii kwenye 400. Basi nashusha 00 nyingine ili itoshe, inakuwa 40000. Sasa 1329 mara 9 ni 11961, inaingia. Jibu 6.69.

Mgede
Hapo kweli hakuna njia nyingine. Isipotosha unashusha tena. Hata kugawa kwa kawaida tunafanya hivyo.

MwalimuMstaafu
Hata katika kugawa kwa kawaida, kabla ya kushusha tena unaandika sifuri kwenye jibu. Hiyo ndiyo iliyorukwa. 1321 ilipokataa kuingia kwenye 400, tarakimu ya nafasi hiyo ni sifuri, na lazima ikae juu. Jibu sasa ni 6.60, na unaporudufisha, unarudufisha 660, si 66. Inakuwa 1320. Ndipo unaweka tarakimu mbele yake: 13203 mara 3 ni 39609, inaingia kwenye 40000. 13204 mara 4 inapita.

```
            6 .  6   0   3
           43 . 60  00  00
    6      36
            7   60
  126       7   56
                 4  00
 1320                0
                 4  00  00
13203            3  96  09
                     3  91
```

Na kosa lilikuwa likipiga kelele kwenye karatasi yako. Baada ya kuweka 9, baki lako ni 40000 toa 11961, yaani 28039. Katika njia hii baki haliruhusiwi kuzidi mara mbili ya jibu ulilonalo. Jibu lako ukilisoma bila nukta ni 669, mara mbili yake 1338. Baki la 28039 linakwambia kuwa hata 9 ilikuwa ndogo, na hakuna tarakimu inayozidi 9. Ukiona hivyo, rudi hatua moja nyuma utafute sifuri uliyoiruka. Kwangu baki ni 391, na mara mbili ya 6603 ni 13206. Imetulia.

BintiFaza
Mwalimu, mimi niliijua njia hii kwa kukariri tu. Kwa nini jibu hurudufishwa?

MwalimuMstaafu
Chukua sakafu ya mraba, kila upande 6.6. Eneo lake ni 43.56. Unataka 43.60, umebakiwa na 0.04. Ili mraba ukue na ubaki mraba, hilo baki unalipaka kama utepe mwembamba kwenye pande mbili zinazokutana, na kipembe kidogo cha kujazia kona. Pande mbili za 6.6 ni 13.2, hapo ndipo urudufu unapotoka. Gawa 0.04 kwa 13.2 unapata 0.003. Ile tarakimu tunayoibandika mbele ya 1320 kabla ya kuzidisha ndiyo kile kipembe cha kona.

Shela_Mkazi
Somo zuri, lakini mimi nataka kujua kwa nini kabla ya Alhamisi. Shule zimefungwa. Na 43.6 imetoka wapi?

Mwanawiyoni
Ni msingi wa chumba. Mita 3.8 kwa 5.4. 3.8 mara 3.8 ni 14.44, 5.4 mara 5.4 ni 29.16, jumla 43.60. Kipeuo chake ndicho kipimo cha kona kwa kona ili chumba kikae skweya. Simiti inamwagwa Alhamisi. Mtaro mmoja wa urefu umeshachimbwa na mmoja wa upana pia. Lakini sioni kama kuna hatari kubwa, mtaro una upana wa sentimita 60 na ukuta ni 20. Tofauti ya 6.69 na 6.60 ni sentimita tisa tu, itamezwa humo humo.

Mjomba_Watamu
Kumbe msingi! Sasa hesabu zote hizo za nini? Kwenye kona pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, vuta futi, ikisoma 5 kamili uko skweya. Nimejenga hivyo tangu ujana wangu, Malindi mpaka Watamu. Kuna tajiri mmoja alinikatalia, akasema anataka pembe kwa mitambo, tukangoja mitambo mpaka mvua za masika zikatukuta na mitaro ikajaa maji. Akanirudia mwenyewe na futi mkononi.

BintiFaza
Mjomba uko sawa, ila kaka ameuliza kosa liko hatua gani. Mwanawiyoni, hizo tisa za kona kwa kona zinakuwa zaidi ukutani. Nimepiga hesabu: ukishikilia 6.69, ukuta wa mita 3.8 unaegama kama sentimita 11 ukifika mwisho wake. Mtaro wa 60 na ukuta wa 20 unakuachia 20 kila upande. Unatosha, lakini ukuta utapanda pembeni mwa msingi badala ya katikati.

Jicho_la_Pwani
Naona mnahangaika na hadithi ya kutunga. Mtu ana simu ya kuandikia humu, simu ina kalkuleta, na anauliza kipeuo cha 43.6? Halafu chumba cha Lamu chenye upana wa 3.8? Nyumba za Lamu vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki huko. Hii ni kazi ya mtoto wa shule iliyovishwa kanzu ya ujenzi.

Shela_Mkazi
Hata mimi nimeanza kushuku. Tena kasema "jibu lililotoka", hakusema nani kalitoa.

Mwanawiyoni
Jamani, hizo ni nyumba za mawe za Mkomani. Mimi niko Wiyoni, najenga kwa matofali na juu ni slabu, si boriti. Na kalkuleta ninayo, tangu siku ya kwanza inaniambia 6.603. Sikusema kwa sababu naogopa maneno. Aliyepiga hesabu si mimi, ni mkwe wangu. Ni fundi mwashi wa siku nyingi, ndiye anayenijengea na hataki malipo. Alipiga hesabu kwenye kipande cha mfuko wa simiti, akapata 6.69, akapiga vigingi. Nikimwonyesha simu atasema simu imenifundisha dharau. Nilihitaji kosa ndani ya njia yake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe. Wala simlaumu, hesabu zake nyingine zote zimetoka sawa miaka yote.

Jicho_la_Pwani
Mwanzo "mimi napata", sasa "mkwe". Kesho atakuwa nani?

Mwanawiyoni
Sikuandika "mimi napata". Rudi juu usome.

MwalimuMstaafu
Kwamba zimetoka sawa miaka yote inawezekana kabisa. Kosa hili halionekani mpaka sifuri iangukie katikati ya jibu, na huko si kila siku. Usimpe 43.6, hiyo ameshaitetea. Mpe 11025, umwambie kuna mtoto amekwama. Jozi zake ni 1, 10 na 25. Tarakimu ya kwanza ni 1, baki sifuri, unashusha 10. Mara mbili ya 1 ni 2, na 21 haiingii kwenye 10. Akiandika sifuri, atashusha 25 apate 1025, na 205 mara 5 inamaliza bila baki: 105. Akiruka sifuri, ataweka 29 mara 9 na atapata 19. Na 105 mara 105 anaweza kuizidisha mwenyewe.

Mjomba_Watamu
Mkwe haendewi na mitihani, mwanangu. Mwambie mpime kona kwa kona ya pili. Pande zinazotazamana zikiwa sawa na chumba kikiwa skweya, zote mbili husoma kimoja.

BintiFaza
Na ikiwa ya kwanza ni 6.69, ya pili itasoma karibu 6.51. Tofauti ya sentimita 18 haihitaji karatasi.

Mwanawiyoni
Nimefanya yote mawili. 11025 alipata 19 na baki 764, akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Baadaye nikamwona anazidisha 105 kwa 105. Sifuri hajaitaja. Ila kona kwa kona ya pili amekubali, tumepima imesoma 6.52. Anasema vigingi vimesogezwa na watoto. Sasa anataka mtaro wa upana ubaki ulivyo, kwa hoja ileile ya sentimita 60. Mtaro wa urefu nao ufukiwe?

Mjomba_Watamu
Usifukue wala kufukia huo wa urefu. Mstari mmoja peke yake hauna pembe ya kukosea. Shikilia vigingi vyake viwili, sogeza vile viwili vya ng'ambo kwa pamoja, kama sentimita 11 kuelekea upande uliopungua, mpaka kona kwa kona zote zisome 6.60. Mtaro wa upana uchongwe ubavu mmoja tu, kuanzia sifuri pale penye kona mpaka 11 mwishoni. Ni kazi ya asubuhi moja.

BintiFaza
Mimi ningechonga, hata kama ardhi ni ngumu.

Mgede
Mimi ningeacha. Sentimita 60 ni nyingi.

Jicho_la_Pwani
Weka picha ya vigingi na futi ikisoma 6.52.