Tupeane uzoefu: chakula cha mzee mwenye kidonda cha kulalia

Muuguzi wa Zamu: Ndugu zangu, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee hapa Marekani, na ningependa tupeane uzoefu kuhusu lishe ya mzee mwenye kidonda cha kulalia, kwa kuwa habari za kumgeuza na za godoro tumeshazizungumza sana. Bibi mmoja wa miaka 84, mwenye uzito wa kilo 48, alikuwa na kidonda cha hatua ya 3 juu ya mfupa wa mkia, urefu wake sentimita 4, na kwa wiki tano hakikupungua ingawa aligeuzwa ipasavyo. Mtaalamu wa lishe alituagiza tuandike kwa siku tatu kile alichomeza, si kile alichopelekewa. Hapo ndipo tulipoumbuka, maana fomu zetu zilisema "amekula nusu", kumbe nusu yenyewe ilikuwa viazi na chai, huku nyama ikirudi jikoni kwa sababu meno ya bandia yalimpwaya. Hesabu ilitoka kilokalori 900 na protini gramu 32 kwa siku, ilhali kwa uzito wake alihitaji kilokalori 1,440 hadi 1,680 na protini gramu 58 hadi 72.

Mama Siti: Pole na kazi, dada. Mimi naona mmechelewesha zinki. Nilikofanya kazi kila mwenye kidonda aliandikiwa vidonge vyake siku ileile, kwa sababu zinki ndiyo inayojenga ngozi.

Mpishi wa Wodi: Sisi tulimkazania babu mmoja unga wa protini uliokorogwa kwa maji, na bado uzito ukaendelea kushuka. Mpaka leo sijaelewa kosa lilikuwa wapi.

Lishe Pwani: Mpishi, kama babu alikuwa hapati wanga na mafuta ya kutosha, mwili wake uliichoma ile protini kama kuni, na kidonda hakikubakiwa na kitu. Ndiyo maana tunaanza na kilokalori 30 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito, kisha protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, na viwili hivyo huenda pamoja. Mama Siti, ni kweli kwamba kidonda hakifungi bila zinki, lakini kumwongezea asiyepungukiwa hakujaonyesha faida, na kipimo cha damu hakituongozi vizuri kwa sababu zinki ya damu hushuka kukiwa na uvimbe au maambukizi. Kidonge cha zinki salfeti cha miligramu 220 kina zinki yenyewe miligramu 50, wakati mama mzee huhitaji 8 kwa siku na kiwango cha juu ni 40. Akikitumia muda mrefu, shaba hushindwa kufyonzwa tumboni, na baadaye mnashangaa damu na chembe nyeupe zinapungua. Mimi sikubali kiandikwe bila tarehe ya kusimamishwa.

Muuguzi wa Zamu: Hilo la tarehe lilitupata sisi. Bibi yule alikuwa akipewa kidonge hicho mara mbili kwa siku tangu hospitalini, miezi mitatu, kimoja asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, na kila asubuhi alisukuma bakuli la uji akisema mdomo una ladha ya chuma. Daktari alikisimamisha, na ndani ya wiki moja akaanza kumaliza uji. Siwezi kuapa kwamba ni zinki peke yake, kwa sababu wiki hiyohiyo meno yake yalitengenezwa.

Kilichobaki kilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Badala ya maji ya kumezea dawa tulimpa mililita 60 za kinywaji kizito cha lishe mara nne kwa siku, jambo lililoongeza kilokalori 480 na protini gramu 20, pamoja na mayai mawili laini yaliyovurugwa. Akafika protini gramu 64. Baada ya wiki sita alikuwa na kilo 49.3 na kidonda kilikuwa sentimita 2.5.

Mtoto wa Tanga: Nashukuru, nami nitampa baba mayai sita kwa siku. Yeye ana kisukari na kidonda cha unyayo.

Lishe Pwani: Taratibu, kaka. Kidonda cha unyayo cha mwenye kisukari kina mambo yake ya mishipa na sukari, na hatuujui uzito wa mzee wala hali ya figo zake. Mpeleke kliniki unyayo ukaangaliwe kabla ya kuhesabu mayai.

Mama Siti: Hapo kwenye figo ndipo ninapokwama. Tunaye babu mwenye figo dhaifu asiyesafishwa damu, ana kidonda cha hatua ya 4, na daktari wa figo anataka protini ishuke wakati mtaalamu wa lishe anataka ipande. Kwenu nani husikilizwa?

Lishe Pwani: Kwetu huketishwa meza moja, na mara nyingi kidonda hupewa nafasi kwa wiki kadhaa huku damu ikipimwa. Lakini nimewaona wawili ambao hawakukubaliana mpaka mwisho.