Naomba ushauri: keshi inaniishia asubuhi, floti imejaa

Habari zenu wakuu. Nina kibanda cha uwakala Bagamoyo, karibu na soko la samaki. Mtaji wangu ni 2,000,000.

Kila jioni napeleka keshi benki igeuke floti, maana naogopa kulala na hela nyingi. Asubuhi naanza na keshi 800,000 na floti 1,200,000. Tatizo ni kwamba wachuuzi wanakuja kutoa saa kumi na mbili, boti zikishusha. Jumamosi watu wanne tu walitoa 765,000. Nikabaki na keshi 35,000 na floti 1,965,000, benki bado haijafunguliwa. Mama mmoja alitaka 150,000 awahi mnada, nikamrudisha. Iliniuma sana, ni mteja wangu wa siku zote.

Mchana mambo yanageuka, wanaweka hela za mauzo na keshi inarudi.

Jirani ana duka la jumla na huwa analala na keshi ya mauzo. Nafikiria anipe 600,000 alfajiri, nami nimrushie floti papo hapo, alipie mzigo wake kwa simu. Waliowahi kufanya hivi, gharama ya kurusha mnagawanaje? Na siku mauzo yake yakiwa madogo, mnakimbilia wapi kabla benki haijafunguliwa?