Kulala saa tano na kuamkia chuma: misuli inaliwa au nidhamu ndiyo haba?

Hoja ya Mnyanyuaji wa Kimara: "Nafanya mazoezi ya chuma mara nne kwa wiki na niko katika kupunguza mwili. Naamka saa kumi alfajiri ili niwahi jimu kabla ya kazi, na nalala saa tano. Ndani ya wiki sita mizani imeshuka kilo 4, lakini benchi nimetoka kilo 80 mara nane hadi kilo 72.5 mara nane, na ikifika jioni nawaza chipsi na soda tu. Wenzangu wanasema sina nidhamu. Je, usingizi mfupi unaharibu misuli kweli, au nifunge mdomo niendelee?"

Kijana wa Ubungo: Saa tano usiku si kuchelewa, kaka. Mimi nalala saa saba na mwili wangu hauna neno. Tatizo lako haliko kwenye muda wa kupanda kitandani.

Mzee wa Dambeli: Kijana, mwenzako anazungumzia muda anaolala, ingawa kwa bahati hesabu zote mbili zinakutana, kwa kuwa kutoka saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri ni saa tano kamili. Jambo lenyewe lilikwisha kuchunguzwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapa vijana 12 wenye afya saa nne tu kitandani kwa usiku mbili, kisha wakawalinganisha na wao wenyewe walipopewa saa kumi. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilishuka kwa asilimia 18, na ghrelini, inayochochea njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Walichokitamani zaidi ni vyakula vya wanga na vitamu. Kwa hiyo hizo chipsi zako zimeelezeka. Lakini homoni haikushiki mkono ukanunua. Pima chakula chako, vumilia njaa, na misuli itabaki palepale. Nimefundisha watu wa chuma kwa miaka mingi na hilo ndilo nililoliona.

Muuguzi wa Zamu: Shikamoo Mzee. Naomba niseme ya kwangu. Ninapokuwa zamu ya usiku, mchana nalala saa nne au tano kwa vipande, na sijawahi kusikia njaa ile ya tumbo kunguruma. Ninachokisikia ni hamu ya kutafuna tu, hasa baada ya chakula cha usiku, na mkono unakwenda kwenye maandazi na chai ya sukari hata kabla sijaamua. Zamu ya mchana ikirudi, hamu hiyo inaisha ndani ya siku tatu bila nidhamu yoyote kuongezeka. Kama ni homoni za njaa tu, mbona tumbo halidai?

Mwanalishe wa Michezo: Dada Muuguzi amegusa mahali ambapo maelezo ya Mzee yanapwaya. Jaribio la 2004 lilipima homoni na hamu, halikupima sahani, kwa sababu vijana wale walikuwa wakipewa sukari kwa mshipa. Walipokuja kupimwa watu walioruhusiwa kula watakavyo, katika jaribio la Colorado lililochapishwa mwaka 2013, siku tano za usingizi wa saa tano ziliwafanya wale zaidi ya walichokitumia, hasa usiku baada ya mlo mkuu, ilhali homoni zao zilikuwa zinasema akiba imetosha. Maana yake ni kwamba hamu ina mlango mwingine usiopitia tumboni: uchovu unakipa chakula kitamu thamani kubwa zaidi kichwani, na saa za kukaa macho karibu na jiko zinaongezeka.

Ila kwa ndugu wa Kimara jambo zito zaidi ni lile ambalo Mzee amelimaliza kwa sentensi moja, kwamba ukipima chakula misuli itabaki. Hilo lilijaribiwa Chicago hukohuko na likachapishwa mwaka 2010. Watu 10 wenye uzito uliozidi waliishi maabara kwa siku 14, wakila chakula kilichopimwa na kilichopunguzwa, mara moja wakiwa na saa nane na nusu kitandani na mara nyingine saa tano na nusu. Hapakuwa na nafasi ya kuiba andazi. Mizani ilishuka karibu kilo 3 mara zote mbili, na mtu angeishia hapo angesema usingizi hauna kazi. Walipopimwa kwa mashine inayotenganisha mafuta na visivyo mafuta, waliolala vya kutosha walikuwa wamepoteza kilo 1.4 za mafuta, na waliolala kidogo kilo 0.6 tu, zilizobaki zilitoka kwenye visivyo mafuta, kilo 1.5 dhidi ya 2.4. Chakula kilikuwa kilekile na mizani ileile, ila kilichoondoka mwilini kilikuwa tofauti.

Mzee wa Dambeli: Takwimu nimezisikia, lakini watu hao walikuwa wakinyanyua chuma? Na hivyo visivyo mafuta si vinajumuisha maji?

Mwanalishe wa Michezo: Hawakuwa wakinyanyua, Mzee, na maji yamo humo, kwa hiyo kilo 2.4 si nyama tupu. Hapo hoja yako ina nguvu. Tena kuna jaribio la Australia la mwaka 2020 linalokusaidia: vijana waliolala saa nne kwa usiku tano walipungukiwa na kasi ya kujenga protini ya misuli, lakini wenzao waliolala hivyohivyo huku wakifanya mazoezi makali ya vipindi vifupi kasi yao haikushuka. Mazoezi yanakinga. Lakini hao hawakuwa wakipunguza kula, na siku tano si wiki sita. Anayekosa usingizi, akakosa chakula, na bado akanyanyua kwa wiki nyingi, hakuna hata moja kati ya majaribio hayo linalomwakilisha.

Ndiyo maana ningeisoma benchi kabla ya mizani. Kupoteza kilo 4 kwa wiki sita si kasi ya kutisha. Nguvu ikishuka karibu asilimia 10 kwa marudio yaleyale, ama misuli inapungua ama uchovu umeifunika. Kiuno chako kimepungua kiasi gani?

Mnyanyuaji wa Kimara: Sentimita 1 tu.

Mwanalishe wa Michezo: Kwa kilo 4 ningetarajia zaidi, ingawa utepe nao hukosea. Fanya hivi kwa wiki tatu: futa mazoezi ya alfajiri mbili kati ya nne, siku hizo lala hadi saa kumi na mbili, na siku zilizobaki panda kitandani saa nne. Chakula usikiguse, maana ukibadilisha viwili hutajua kilichofanya kazi. Benchi ikirudi ndani ya wiki moja au mbili, ulikuwa uchovu, kwa sababu misuli haijengeki upya haraka hivyo. Isiporudi huku kiuno kimesimama, angalia protini na ukubwa wa upungufu wa chakula.

Mzee wa Dambeli: Kumwambia mtu apunguze mazoezi ili ajenge misuli, mimi bado sijakubali. Mara nne zibaki, apunguze seti.

Muuguzi wa Zamu: Na sisi tunaolala mchana kwa vipande, saa tano zilizokatwa mara tatu zinahesabiwa kuwa ngapi?

Mnyanyuaji wa Kimara: Nitaanza Jumatatu, kwa alfajiri mbili. Kulala saa nne ndiko kugumu, kwa kuwa daladala hunifikisha nyumbani saa mbili na nusu na bado sijapika.