Nimefaulu mtihani wa nadharia: nirudie mada zipi kabla ya mtihani wa vitendo?

Mwanagenzi
Salamu wanajamvi. Nimefaulu mtihani wa nadharia wa udereva na sasa ninajiandaa kwa ule wa kuendesha barabarani. Ninapima njia tatu: kuurudia mwongozo wote, kurudia mada chache tu, au kukiweka kitabu kando na kutumia muda wote kwenye usukani. Ya kwanza ni ndefu mno, na ya tatu inanitia wasiwasi, kwa sababu majibu niliyoyajua vizuri kwenye karatasi yanachelewa kunijia gari likiwa mwendoni. Mngechagua ipi?

Gia ya Tatu
Ningechagua ya tatu, ukipitia alama za barabarani pekee. Umbali wa kusimama ni hesabu za kwenye karatasi, na mtahini hatakuuliza mita. Inatosha kujua kwamba mwendo ukiwa mara mbili, umbali nao huwa mara mbili.

Mkufunzi Mstaafu
Ndugu Gia ya Tatu, ni kweli kwamba hatauliza mita, lakini ataziona mguuni mwa mtahiniwa. Hilo la mara mbili ni sahihi kwa sehemu ya kwanza tu, yaani umbali unaopita kabla mguu haujafika kwenye breki; sehemu ya breki zenyewe huongezeka mara nne.

Mwanagenzi, chukua mfano wa taa ya njano. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukihesabu sekunde moja ya kuona na kuamua, mita 14 zimekwisha kabla breki hazijaanza kushika, na kwenye lami kavu, matairi yakiwa mazima, unahitaji takribani mita 14 nyingine, jumla 28. Njano ikiwaka ukiwa mita 15 kutoka kwenye mstari, huwezi kusimama mahali pake, kwa hiyo unapita. Ikiwaka ukiwa mita 40, unapaswa kusimama. Sasa mvua inyeshe. Sehemu ya breki inaweza kuwa mara mbili, jumla ikawa kama mita 42, na zile mita 40 hazitoshi tena. Dawa yake ni kupunguza mwendo kabla ya kufika: kwa kilomita 40 kwa saa, hesabu hiyohiyo ya lami yenye maji inakupa takribani mita 29.

Asiyeielewa mada hii hujulikana upesi, kwa kuwa ama hukanyaga breki kwa nguvu dakika ya mwisho, ama huongeza mafuta anapoiona njano. Ndiyo maana ninapendelea njia ya pili, na mada hii iwe ya kwanza.

Mama Safari
Mimi ninajifunza kwa gari la gia otomatiki, na nilidhani swali linahusu mada za kuruka. Je, ninaweza kuliacha somo la klachi kabisa?

Mkufunzi Mstaafu
Dada, kwa mtihani wako unaweza. Ila uliza kwanza kama leseni utakayopata itakuruhusu kuendesha gari la gia za mkono, maana katika nchi nyingi hairuhusu.

Kioo cha Pembeni
Ninaunga mkono njia ya pili, lakini ningeanza na haki ya kupita kwanza kwenye makutano, hasa mpangilio wa amri zinapopingana. Ishara ya askari hushinda taa, taa hushinda alama, na alama hushinda kanuni ya jumla. Kwenye karatasi unaulizwa moja moja. Barabarani unazikuta kwa pamoja. Makutano yenye taa yanaweza pia kuwa na alama ya kutoa nafasi: taa ikiwa ya kijani, unapita kwa tahadhari bila kusimama kwa ajili ya ile alama, lakini taa zikizimika, alama ndiyo inayokuongoza. Nimeona wanafunzi wakisimama kwenye kijani kwa kuitii alama, na hilo huwachanganya walio nyuma.

Gia ya Tatu
Kuhusu mara nne, nimeelewa. Bado ninaamini kwamba mambo haya hujifunzwa kwa kuendesha, si kwa kusoma.

Mkufunzi Mstaafu
Mwendo na njano, nakubali, ingawa abiria naye anaweza kujizoeza: unapokaribia taa, amua kimoyomoyo ni kutoka wapi gari halitaweza tena kusimama. Mpangilio wa amri ni tofauti, kwani taa zilizozimika huenda usizikute hata mara moja katika masomo yako yote.

Mwanagenzi
Basi nitazirudia hizo mbili na kuuacha mwongozo uliobaki. Mnashauri nisome kabla ya somo la barabarani au baada yake?

Kioo cha Pembeni
Baada, ukiwa bado unakumbuka makutano yaliyokusumbua.

Mkufunzi Mstaafu
Mimi ningesoma kabla, ili umwombe mwalimu akupitishe palepale.