Santuri mbili za Siti binti Saad: inayong'aa au yenye vumbi?

MwanaIlala: Wakuu, salaam. Muuzaji wa vitu vya zamani Kariakoo ana santuri mbili za Siti binti Saad, HMV, nyimbo zilezile na namba ileile kwenye lebo. Moja inang'aa kama kioo na lebo ni safi, anataka 120,000. Ya pili imejaa vumbi, lebo imechubuka, na ukingoni imemeguka kipande kama punje ya mchele. Hiyo 50,000. Hela ninayo ya moja tu. Nichukue ipi?

FundiRedio_Temeke: Hiyo inayong'aa, usiulize mara mbili. Zote ni za 1928, na kitu cha 1928 hakishuki bei. Ukikwama ukachukua ya vumbi, ifute kwa spiriti, itatakata.

BiMkubwa_Upanga: Fundi, spiriti hapana! Hizi ni santuri za lakiri, na spiriti huyeyusha lakiri. Ukifuta, unaondoa sauti yenyewe. Tumia maji safi na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, lebo isilowe, kisha uisimamishe ikauke kivulini.

Na hiyo 1928 ni mwaka Siti alipokwenda Bombay kurekodi. Alirekodi tena baadaye, na rekodi moja iliweza kuchapwa upya kadiri ilivyouzwa. Lebo peke yake haitoshi. Mwanangu Ilala, soma namba iliyochapwa kwenye lakiri yenyewe, pale mifereji inapoishia karibu na lebo. Zikifanana kwenye santuri zote mbili, basi ni rekodi ileile. Mwaka wa kuchapwa nakala ni swali jingine.

Kibo45: Samahani naingilia. Mimi nina ya Mbaraka Mwinshehe, ndogo, tundu kubwa katikati, ilichapwa Nairobi. Nayo nisifute kwa spiriti? Imejikunja kwa kuachwa garini juani.

BiMkubwa_Upanga: Hiyo ni vinaili, Kibo, ni jamii nyingine. Kujikunja kwake ni shida kubwa kuliko uchafu. Fungua mada yake tutakujibu.

Nirudi kwa Ilala. Kung'aa kusikudanganye, maana wauzaji wengine hupaka mafuta. Ishike santuri karibu na dirisha, uiinamishe mpaka mwanga upite juu yake kwa ubavu. Mifereji mizima ni myeusi. Iliyoliwa huwa na rangi ya kijivu, hasa mahali mwimbaji anapopaza sauti. Sindano za gramafoni zilikuwa za chuma, zikibadilishwa kila upande mmoja. Sindano ilianza ikiwa kali, lakini kufika mwisho wa wimbo ilishasagika na kuwa na kingo. Asiyeibadilisha alikuwa anakwangua. Kwa hiyo mwombe muuzaji apige, nawe usikilize nusu dakika ya mwisho, si mwanzo. Ikikwaruza pale, mimi naipa daraja la G, lililo chini ya V na E, hata lebo ikiwa mpya.

Siti aliuza santuri kwa makumi ya maelfu, kwa hiyo jina lake pekee halifanyi nakala iwe adimu. Zilipigwa sana, ndiyo sababu iliyofika kwetu ikiwa E ndiyo ya kutafutwa.

FundiRedio_Temeke: Nimekuelewa, mama. Ila sindano ya leo ikiwa nyembamba au nene kuliko ile ya chuma, hugusa sehemu ya ukuta isiyoliwa. Nimeshuhudia santuri ya kijivu ikiimba vizuri.

BiMkubwa_Upanga: Hilo ni kweli, nakubali. Lakini usitumie sindano ya LP, ni nyembamba mno, hushuka mpaka chini kwenye uchafu.

MwanaIlala: Nimerudi Kariakoo. Namba za ndani zinafanana. Ile inayong'aa ilianza vizuri, dakika ya mwisho sauti ya Siti ikawa kama mchanga ndani ya kopo. Ya vumbi ilipasuka-pasuka kidogo mwanzo, lakini mwisho sauti ikabaki nzima, udi unasikika. Kipande kilichomeguka kimeishia kabla ya mfereji wa kwanza. Nimelipa 45,000. Ila kuna mstari mwembamba kama unywele karibu na lebo.

BiMkubwa_Upanga: Itundike kwenye kidole kupitia tundu, uigonge ukingo taratibu kwa ukucha. Nzima hulia kama sahani ya kauri, yenye ufa hutoa mlio mfu. Kisha tazama mstari huo upande wa pili, mahali palepale. Mkwaruzo hukaa upande mmoja, ufa hupita.

MwanaIlala: Unaonekana pande zote. Lakini inalia vizuri, na sindano ilipopita sikusikia mlio wa kurudia.

FundiRedio_Temeke: Basi ni V.

BiMkubwa_Upanga: Ufa ukiwa haujafika kwenye mifereji nami nitasema V. Ukifika, siwezi. Pima kwa rula kutoka ukingo wa lebo, kesho mchana kweupe, uniambie ni milimita ngapi.