Tupeane uzoefu: kutoka bwanga kwenda modo, urefu unaangukia wapi juu ya kiatu?

Kadeti_Dodoma
Wakuu, habari za leo. Wengi tulizoea suruali za bwanga, zile za vitambaa zenye marinda mbele, mguu chini inchi 18 mpaka 20 kwa mzunguko. Sasa tunahamia za kubana kiasi, inchi 14 hivi. Kipimo cha urefu ni kilekile tulichompa fundi miaka yote, ila modo inajirundika juu ya kiatu kama akodiani. Ukiikata kwa hasira, ukikaa inapanda hadi soksi yote nje. Wenye ujuzi, urefu sahihi unapatikanaje? Tuseme kwa vipimo, siyo "inategemea".

Fundi Mzee wa Chaki
Kipimo cha bwanga hakihami kwenda modo, na sababu iko kwenye mdomo wa suruali. Mguu wenye inchi 20 unakifunika kiatu. Nguo inashuka kutoka kiunoni, inapita pembeni mwa kiatu na kuning'inia karibu na kisigino. Mbele inaweka mkunjo mmoja mkubwa, basi. Mguu wa inchi 14 hauna nafasi ya kupita juu ya kiatu. Unagota pale kamba zinapoanzia, na urefu wote uliozidi unarudi juu kwenye muundi. Ndiyo akodiani hiyo.

Kwa hiyo kadiri mdomo unavyokuwa mwembamba, ndivyo suruali inavyotakiwa kuishia juu. Mtu aliyevaa bwanga lenye urefu wa ndani inchi 31, modo ya inchi 14 atavaa 30 akitaka mkunjo mdogo mmoja, au 29 na nusu akitaka iguse kiatu bila mkunjo wowote. Chini ya hapo ni mtindo wa kuonyesha soksi, mtu achague mwenyewe.

Angalizo: nasema urefu wa ndani, kuanzia pale mishono minne inapokutana katikati ya miguu hadi chini. Usipime kwa nje kutoka kiunoni. Bwanga linavaliwa kitovuni, modo nyingi zinavaliwa chini ya hapo kwenye nyonga. Ukichukua urefu wa nje wa bwanga ukaupeleka kwenye modo, umeongeza inchi moja au mbili mguuni bila kujua.

Mtoto wa Kariakoo
Mbona rahisi. Kila suruali ukiibana, kata inchi 2. Hiyo ndiyo sheria.

Binti Sindano
@Mtoto wa Kariakoo hapo umepata nusu. Ni kweli inapunguzwa, lakini inchi 2 kwa kila suruali utawaharibia watu nguo. Aliyetoka 16 kwenda 14 huenda akahitaji nusu inchi tu. Na bwanga lililokuwa linaburuza chini halina kipimo kimoja na lile lililokuwa limekaa vizuri. Kupunguza kuanze pale suruali inapogusa kiatu, siyo pale ilipokatwa zamani.

Kikubwa ni mpangilio wa kazi. Bana kwanza, pinda baadaye. Fundi akipinda urefu halafu ndiyo abane, ule urefu hauna maana tena, kwa sababu mguu ukishabanwa unakaa mahali pengine. Na kabla ya yote, kama ni kadeti au jinzi ya pamba, ifuliwe na kukaushwa kabisa. Pamba isiyowahi kuona maji inaweza kurudi nyuma, na kwenye mguu wa inchi 30 hata asilimia 3 ni karibu inchi nzima. Ukiwa umeacha mkunjo mdogo, baada ya kufua mara ya kwanza umeupoteza.

Kadeti_Dodoma
Asante sana dada. Tuchukue mfano mmoja tuumalize: bwanga la kitambaa, mdomo inchi 18, nataka 14. Fundi afanye nini hasa?

Binti Sindano
Inchi 4 zinatoka. Usikubali zitoke upande mmoja. Akizitoa zote mshono wa ndani (mafundi wengi hupenda hivyo kwa kuwa mshono wa nje una mfuko na unasumbua), mstari wa pasi unahama kutoka katikati, na mguu unajisokota ukitembea. Mstari wa pasi ukielekea kidole gumba badala ya katikati ya kiatu, ujue ndicho kilichofanyika.

Zigawe. Mishono ni miwili, kila mshono una vitambaa viwili, kwa hiyo mshono mpya uingie inchi 1 ndani ya ule wa zamani, pande zote mbili. Inchi 1 mara nne, zimetimia 4. Gotini uingie kama nusu inchi, halafu uchore kwa rula kuungana na mshono wa zamani katikati ya paja, polepole, pasiwe na kona. Ukibana chini tu na kuliacha goti na upana wake wa zamani, unapata suruali yenye tumbo gotini.

Fumua upindo wa chini kabla ya kuanza. Piga bandi kwanza kwa uzi mkubwa, mtu avae na kiatu chake, akae, asimame, atembee. Ndiyo upitishe cherehani. Kitambaa kilichozidi usikikate siku hiyohiyo, subiri aridhike.

Fundi Mzee wa Chaki
Amesema kweli binti. Naongezea pale kazi inapoharibikia watu wengi: upindo wenyewe. Mguu wa modo unapungua kuelekea chini. Ukishona moja kwa moja unapungua mpaka ukingoni, kile kipande cha kukunjia kinakuwa chembamba kuliko sehemu ya juu kinapokwenda kulala. Mdomo ni 14, inchi moja na nusu juu yake mguu una 14 na kitu, lakini ukingo wa upindo una 13 na nusu. Ukikunja ndani kinavuta, na chini panakuwa na mikunyanzi ambayo pasi haiitoi.

Dawa yake: ukifika kwenye mstari wa kukunja, mshono ugeuke uanze kutanuka tena kwenda nje, kwa kipimo kilekile ulichokuwa unapungua. Ukikunja, vipande viwili vinalingana. Ukiona modo yako ina mikunyanzi kuzunguka mdomo na nje unaona vinundu vya uzi vinavuta, fundi alipita moja kwa moja. Inafumuliwa na kurekebishwa, mradi kitambaa hakijakatwa.

Ustadh wa Tanga
Assalaam aleikum. Sisi wengine suruali zetu ziko juu ya kifundo cha mguu, hatuna habari na mikunjo juu ya kiatu. Nina ya kubana, nimeipandisha inchi 2 na inakaa vibaya, mdomo unapwaya mbele. Je, niibane zaidi?

Binti Sindano
Waaleikum salaam ustadh. Swali lako ni lingine kidogo, ila linajibika. Ulipokata inchi 2 ulikata ile sehemu nyembamba, kwa hiyo mdomo wa sasa ni mpana kuliko wa mwanzo, na juu ya kifundo mguu wako ni mwembamba. Unaweza kubana nusu inchi tu jumla. Lakini pima kwanza mzunguko wa kisigino: zungusha futi kutoka ncha ya kisigino hadi juu ya mguu pale unapopindia. Mguu lazima upite kwenye mdomo huo. Wanaume wengi wako kwenye inchi 13 hivi. Kitambaa kisichovutika usishuke chini ya hapo, la sivyo utavaa kwa kuvutana na mshono utachanika.

Nairobi Moka
Watu wamesahau viatu. Suruali hiyohiyo, ukivaa moka iko sawa, ukivaa raba zenye ulimi mnene inasukumwa juu na kukunjana. Buti nayo, mdomo wa 14 unakalia ukingo wa juu wa buti na haushuki. Mimi napendekeza upeleke kwa fundi kile kiatu unachovaa siku nyingi. Ukipima kwa ndala, umepima hewa.

Kadeti_Dodoma
Na ile ya kupanda ukikaa halafu hairudi chini ukisimama? Nikiiongeza urefu inarundika, nikipunguza inaonekana fupi.

Fundi Mzee wa Chaki
Hiyo siyo urefu, ni kigimbi. Ukikaa, kitambaa kinapanda. Ukisimama kinatakiwa kiteleze chini chenyewe, ila kimeshikwa na kigimbi. Jaribu hivi: simama, shika kitambaa nyuma ya muundi pale penye kigimbi kinene kabisa. Ukiweza kushika angalau inchi moja kwa vidole viwili, kinateleza. Kama hakishikiki, mwambie fundi aachie mshono hapo, robo tatu ya inchi jumla, mdomo abaki nao uleule. Ndiyo maana nasema mguu usichorwe kwa rula iliyonyooka kutoka goti hadi chini kwa mtu mwenye vigimbi. Mstari utoke nje kidogo katikati.

Mtoto wa Kariakoo
Sawa wakuu, nimekubali kuhusu inchi 2. Lakini chini pakatwe sawasawa au nyuma pawe parefu?

Binti Sindano
Mimi nyuma nashusha nusu inchi kuliko mbele kwa modo isiyo na mkunjo. Mbele inagusa kamba, nyuma inaziba ukingo wa kiatu, na soksi haionekani ukitembea. Zaidi ya nusu inchi upindo wa ndani unaanza kugoma.

Fundi Mzee wa Chaki
Hapo tunatofautiana. Kwa kadeti na jinzi mimi nakata sawa. Mshono wa nje wa cherehani ukipita kwa mshazari unaonekana umepinda, mteja anarudisha. Mshazari ni wa suti, unaoshonwa kwa mkono usionekane nje. Na mwenye kutaka upindo wa kukunja nje, asahau kabisa mshazari.

Binti Sindano
Robo inchi kwenye kadeti hakuna atakayeiona.

Fundi Mzee wa Chaki
Wateja wangu wanaona.

Nairobi Moka
Na kitambaa cha ndani kinaachwa kiasi gani? Hizi bwanga naona zinarudi, nisije nikataka kuishusha.

Fundi Mzee wa Chaki
Kwa suti acha inchi 2, na uzito wake unasaidia mguu kunyooka. Kadeti acha moja na nusu, ikunjwe mara mbili. Lakini jua kwamba kadeti na jinzi zikishapigwa pasi na kufuliwa sana, mstari wa upindo wa zamani unapauka. Ukishusha unabaki unaonekana hata ukipiga pasi na siki. Na upana uliokatwa haurudi, kwa hiyo mwambie fundi asikate kilichozidi mishononi, akipige pasi kulala ndani, kama kitambaa siyo kizito.

Kadeti_Dodoma
Kikibaki inchi nzima ndani pande zote mbili hakitaonekana nje?

Binti Sindano
Kwenye kitambaa chepesi cha rangi hafifu kitaonekana. Hapo kata, bakiza nusu inchi, piga ovaloki.